Balbu ya Mwishehe

Mwaka tisini na nne, siku ya Alhamisi, Raudha Marijani alikaa kwenye kistuli nyuma ya pazia la kushoto la jukwaa la shule yao ya sekondari huko Temeke, magoti yakiwa yamebanwa na meza ndogo ya darasani. Juu ya meza palikuwa na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu ili mwanga wake usiwafikie watazamaji, saa ya mkononi ya baba yake, penseli mbili zilizochongwa, na kaunta buku kubwa la kurasa mia nne ambalo kila mtu katika klabu ya maigizo aliliita Daftari, kana kwamba duniani hapakuwa na daftari jingine.

Alilitengeneza mwenyewe kwa wiki tatu, yeye akiwa msimamizi wa jukwaa. Kila ukurasa wa mchezo aliubandika kwa gundi upande wa kulia. Upande wa kushoto alipiga mistari kwa rula, akaandika kila jambo ambalo lingetokea jukwaani mbali na maneno ya waigizaji: nani anaingia na kutokea wapi, ameshika nini mkononi, taa ipi inawaka, sauti ipi inapigwa. Kila tukio alilipa namba. Na kila namba aliiandika mara tatu: kwanza Onyo, ukurasa mmoja kabla, ili mhusika ajiandae, kisha Tayari, mistari michache kabla, ili aweke mkono kwenye swichi na asiutoe tena, halafu Sasa, juu ya neno lenyewe, neno moja tu, alilolizungushia duara jekundu. Mwalimu Adelard, aliyeutunga mchezo na kuwafundisha, alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba asiyesikia Sasa hafanyi kitu, hata nyumba ikiungua.

Talha wa taa alikaa kushoto kwake mbele ya ubao wa swichi. Najat wa sauti alikuwa nyuma yake na redio kaseti iliyounganishwa na spika mbili za kukodi. Hao wawili aliwaita kwa mdomo, kwa kunong'ona. Shida ilikuwa kwa Mwishehe. Yeye alikuwa ng'ambo ya pili ya jukwaa, juu ya dungu la mbao, ulingo mrefu wa kupanda kwa ngazi, akishika kamba ya geti.

Mchezo ulihusu kiwanda cha nguo kinachouzwa na wafanyakazi wanaokuta kimefungwa. Mwisho wa sehemu ya pili, mlinzi mzee anasimama penye lango na kusema maneno yake ya kuaga, anapiga hatua mbili kwenda mbele, na nyuma yake geti linashuka kutoka juu kwa kishindo. Geti lilikuwa la mbao nene na mabati chakavu, na kulinyanyua kulihitaji vijana wawili. Lilining'inia darini kwa kamba iliyopita kwenye makapi mawili, magurudumu madogo ya kupitishia kamba, hadi kwa Mwishehe. Likiwa halitumiki, kamba ilifungwa kwenye kigingi. Akipewa Tayari, Mwishehe aliifungua, akabakiza mzunguko mmoja kwenye kigingi, akaishika kwa mikono miwili. Akipewa Sasa, aliiachia ikimbie.

Mnong'ono wa Raudha usingeweza kumfikia huko, kwa hiyo walivuta waya kutoka swichi za mezani kwake, ukapita nyuma ya pazia la mwisho, na kuweka balbu mbili mbele ya macho yake, nyekundu ya Tayari na kijani ya Sasa. Siku mbili kabla ya onyesho ile ya kijani iliungua. Raudha aliomba nyingine. Mwalimu Adelard alikuwa na mambo mia kichwani, viti vya wageni, soda, kitambaa cha meza ya mgeni rasmi, akasema balbu moja inatosha: ikiwaka ni Tayari, ikizimika ni Sasa. Raudha akaona ni sawa. Akaandika hivyo kwenye Daftari, akapanda dunguni kumweleza Mwishehe, na Mwishehe akarudia maneno hayo mbele yake kama mtoto wa madrasa. Walijaribu mara sita, na mara zote sita geti lilishuka kwenye neno lenyewe.

Onyesho lilipangwa kuanza saa tisa alasiri. Ilikuwa miezi ya mgao wa umeme, na kwa ratiba iliyobandikwa dukani, mtaa wao ulikatiwa kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Walihesabu vizuri: mchezo wa saa moja na nusu ungekwisha saa kumi na nusu. Lakini mgeni rasmi alichelewa, na bila yeye haikuwezekana kuanza. Alipofika ilikuwa karibu saa kumi kasorobo. Raudha alimfuata Mwalimu Adelard pale mlangoni akamkumbusha ratiba. Mwalimu, jasho likimtiririka ndani ya suti, alimjibu kwamba wale watu wa umeme hawakati saa hiyohiyo, siku nyingine hukata saa kumi na mbili, siku nyingine wanasahau kabisa. Kazi yake ni kuita, aite.

Halafu akaongeza jambo ambalo Raudha alilibeba hadi kwenye kistuli. Wiki iliyopita, katika mazoezi, Raudha alikuwa amepaza sauti akasimamisha kila kitu kwa sababu mwigizaji mmoja aliingia na panga la kweli badala ya la mbao. Mwalimu alimfokea mbele ya wote. Sasa akamwinamia na kusema kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kufokewa, "Leo nisisikie sauti yako, Raudha. Litokee lolote, nisikusikie."

Mchezo ulianza. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi na ndani palikuwa na giza na joto la watu mia nne. Taa ya kwanza ilipanda pale ilipotakiwa. Raudha alifuata kila mstari kwa ncha ya penseli, akinong'ona, "Taa saba, tayari. Taa saba, sasa," na Talha akabofya, na jukwaani kukapambazuka. Kila tukio likipita alilitia alama na kuandika saa pembeni. Waigizaji wawili waliruka mistari minne katika sehemu ya kwanza. Aliwaona wanakokwenda, akafuta onyo moja, akawahisha jingine, na hakuna aliyejua. Alianza hata kufurahi. Ilikuwa furaha ya mtu anayejaza maji hadi ukingoni bila kumwaga.

Walipofika ukurasa wa arobaini na moja, Stanley aliingia na koti la mlinzi na rungu. Stanley alikuwa kijana mrefu wa kidato cha nne aliyetoka Mbeya na wazazi wake akiwa mdogo, na hapakuwa na mwigizaji wa kumshinda pale shuleni. Mashine zilianza kunguruma kwenye spika. Mwalimu alitaka kelele za kiwanda zijae ukumbini wakati mlinzi anaaga. Raudha alitazama pembeni mwa ukurasa: Geti, tayari. Akabonyeza swichi, na ng'ambo ya pili, kwenye ufa kati ya mapazia, akaona balbu imewaka na uso wa Mwishehe umekuwa mwekundu. Aliona mikono yake ikiifungua kamba kwenye kigingi.

Duara lilikuwa kwenye neno "wenyewe." Chini yake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: TAZAMA MGUU. Maana hata neno likisemwa, hakupaswa kuzima balbu kabla Stanley hajavuka mstari wa chaki uliochorwa sakafuni.

Akaitazama saa ili aandike. Saa kumi na dakika hamsini na sita.

"Nimefungua geti hili miaka ishirini na mbili," Stanley alisema, amesimama sawasawa juu ya mstari. "Nimewafungulia waliokuja na baiskeli, nimewafungulia waliokuja kwa miguu..."

Akanyamaza.

Raudha alingoja. Katika mazoezi hapo palikuwa na kituo kifupi. Lakini kituo kilirefuka, na alipomtazama Stanley usoni aliona haigizi. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye safu ya tatu. Baba yake alikuwa amekaa pale, kavaa shati la kazini, shati la kiwanda kilichompunguza kazi miezi mitano iliyopita. Stanley alikuwa amewaambia wenzake kwamba baba yake hatakuja. Yule mzee alikuwa ameinama, amejifunika uso kwa kiganja.

"Leo nimeambiwa," Raudha alinong'ona kwa nguvu kupitia pazia. Hiyo nayo ilikuwa kazi yake, kumpa mwigizaji maneno akiyapoteza. "Leo nimeambiwa, Stanley. Leo nimeambiwa nisifungue."

Mashine zilinguruma. Stanley hakusikia. Raudha alirudia, akarudia tena, mara ya tatu akiwa amesimama nusu.

Hapo ndipo akaitazama saa mara ya pili, na wazo likamwingia kama maji ya baridi mgongoni. Saa kumi na dakika hamsini na nane. Umeme ukikatika, taa za jukwaani zitazimika, na redio itanyamaza, hayo alikuwa ameyafikiria tangu mchana. Hakuwa amefikiria kwamba na balbu ya Mwishehe itazimika. Na balbu ikizimika ni Sasa. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda dunguni kumwambia hivyo.

Akautazama mkono wake. Kidole kilikuwa juu ya swichi. Hakuweza kuizima ili afute Tayari, kwa sababu kuizima kulikuwa ni kumwambia Mwishehe aachie. Hakuweza kuiacha iwake. Alitafuta njia ya tatu na hakuiona, na geti lilikuwa juu ya kichwa cha Stanley, na Stanley alisimama kama nguzo. Alitaka kukimbia nyuma ya pazia la mwisho hadi kwenye dungu, lakini huko palijazwa madawati na mapambo, na msimamizi haachi Daftari lake, hiyo ilikuwa sheria ya kwanza aliyofundishwa. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kutembea hadi katikati ya jukwaa mbele ya mgeni rasmi, akamshika Stanley mkono. Miguu yake ilitaka. Lakini alimwona Mwalimu Adelard amesimama ukutani ng'ambo ya ukumbi, mikono ameikunja kifuani, akimwombea Stanley kwa midomo, na maneno yale ya upole yakamrudia. Akajiambia pengine leo hawatakata. Akajiambia Stanley atakumbuka sasa hivi.

Alihesabu baadaye, na kila alipohesabu ilikuwa ni ileile: alikaa hivyo kwa zaidi ya dakika nzima. Jasho lilidondoka kwenye ukurasa na kulowesha neno lenye duara.

"Najat," alisema hatimaye, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Zima mashine, anisikie. Zima sasa hivi."

Najat alishangaa, kwa sababu kwenye mpango sauti ilipaswa kuendelea hadi geti lishuke. Akamtazama Raudha apate kuhakikisha. Akanyoosha kidole. Kabla kidole hakijafika, mashine zikanyamaza zenyewe, na giza likaanguka juu ya kila kitu.

"Mwishehe, shika! Shika kamba!"

Alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ukumbi mzima ulimsikia. Lakini tayari alikuwa amesikia mlio wa kapi, ule mlio wa kukwaruza alioufurahia mara sita katika mazoezi, na kisha sauti nyingine, si kishindo cha geti sakafuni, bali kitu kizito kinachogonga kitu laini. Halafu kilio cha Mwishehe.

Kulikuwa na watu waliopiga makofi. Walidhani ndivyo ulivyotungwa.

Raudha alichukua tochi, akararua kile kitambaa chekundu, akaingia jukwaani akimulika. Geti lilikuwa limesimama hewani, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, likipepesuka. Stanley alikuwa chini yake, amelala ubavu, mkono mmoja umekunjika vibaya kifuani, macho wazi. Lilimpiga begani. Mwishehe alikuwa amesikia sauti kamba ikiwa imekwishakimbia, akaibana kwenye kigingi kwa mikono mitupu, na akaisimamisha geti likiwa limebakiza kidogo tu kumponda Stanley kifua. Bado aliishikilia. Raudha alipommulika aliona damu kwenye kamba, na aliona Mwishehe anamtazama yeye, si geti, kama anayengoja aambiwe la kufanya.

"Usiachie," Raudha alimwambia. "Bado. Usiachie mpaka niseme."

Aliita Talha na vijana wengine wanne. Wawili walishika geti kwa chini, wawili walimvuta Stanley kwa uangalifu kutoka pale, na Talha akapanda dunguni kumsaidia kufunga kamba. Alipohakikisha hapana mtu chini, ndipo aliposema, "Haya, achia." Watazamaji walianza kung'oa mablanketi madirishani, na jua la jioni likaingia ukumbini lote kwa mara moja, likaonyesha mabati yenye kutu, na rangi ya usoni mwa waigizaji, na mzee mmoja aliyevaa shati la kiwanda akipanda jukwaani kwa magoti kwa sababu hakuziona ngazi.

Stanley alipelekwa hospitali kwenye gari la mgeni rasmi. Mfupa wa mtulinga, ule unaounga bega na kifua, ulikuwa umevunjika, na mbavu mbili zilikuwa na ufa. Mwishehe alipelekwa kwenye zahanati ya jirani. Ngozi ya viganja vyote viwili ilikuwa imechunika.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Mwalimu Adelard alimkuta Raudha amerudi kwenye kistuli chake. Mwalimu alikuwa amevua koti la suti na alionekana mdogo. Alivuta dawati akaketi. Kisha akasema kwamba Mwalimu Mkuu anataka ripoti ya onyesho kesho asubuhi, na msimamizi ndiye huiandika. Alisema shule itaulizwa na wizara, klabu itafungwa, na yeye ana barua ya uhamisho inayongoja kusainiwa. Akalisogeza Daftari karibu na Raudha kwa kidole kimoja.

"Kijana ameachia kamba bila kuambiwa," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa, au sivyo? Hukumpa Sasa. Duara lako halina alama."

Ilikuwa kweli. Duara halikuwa na alama. Raudha aliutazama ukurasa uliolowa na kukauka, na aliona jinsi ingekuwa rahisi. Mwishehe hakuwa na mtu wa kumtetea. Baba yake alikuwa mvuvi wa Kunduchi, na yeye aliishi Temeke kwa shangazi yake ili apate kusoma.

"Aliambiwa, Mwalimu," alisema. "Aliambiwa taa ikizimika aachie. Mie ndiye niliyemwambia."

Mwalimu Adelard aliufunika uso wake kwa mikono. Hakumfokea. Baada ya muda aliondoka bila kuaga, na Raudha akasikia viatu vyake vikipita kwenye varanda hadi vikapotea.

Aliandika palepale, mwanga ulipokuwa bado unatosha dirishani. Aliandika mambo kama alivyofundishwa kuandika, saa kwanza, tukio baadaye. Kwamba balbu ya kijani iliungua Jumanne na haikupatikana nyingine. Kwamba onyesho lilianza kwa kuchelewa. Kwamba saa kumi na hamsini na sita alimpa Mwishehe Tayari. Kwamba alimkumbusha Stanley maneno mara tatu. Aliandika kwamba saa kumi na hamsini na nane aligundua hatari ya balbu. Akakaa. Hapo ndipo alipolia, peke yake, hadi mabega yakauma, kwa sababu mstari uliofuata haukuwa na namna nyingine ya kuandikwa. Aliuandika: Nilijua, nikangoja.

Jumamosi waliitwa ofisini. Mwalimu Mkuu, Mama Kokuberwa, mwanamke wa Bukoba asiyependa maneno mengi, alisoma ripoti mara mbili miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Baba yake Mwishehe alikaa kwenye benchi, kofia mapajani, akiwa amejiandaa kusikia kwamba mwanawe amefukuzwa. Mwishehe alikaa kando yake, mikono imeviringwa bandeji kama mabonge ya pamba.

Mama Kokuberwa alimwuliza Raudha kwa nini alingoja. Raudha alijibu kwamba alikatazwa kupaza sauti. Halafu, kwa sababu jibu hilo halikumtosha yeye mwenyewe, akasema, "Lakini hata nisingekatazwa, Mwalimu, sijui. Niliogopa kuharibu."

Hakuna aliyefukuzwa. Mama Kokuberwa alimwambia baba yake Mwishehe kwamba kijana wake alifanya alichoelekezwa, kisha akafanya zaidi ya alichoelekezwa, na kwamba bila viganja vyake wangekuwa msibani. Yule mzee alishukuru kwa sauti ndogo, akauliza kama mwanawe ataweza kushika kalamu. Klabu ilifungwa. Mwalimu Adelard hakupata uhamisho wake. Alibaki akifundisha Kiswahili hadi mwisho wa mwaka, na alipokutana na Raudha kwenye varanda alimwitikia shikamoo yake huku akitazama pembeni. Raudha hakupewa adhabu yoyote. Alikuwa amejiandaa kwa viboko, kwa kusimamishwa, kwa chochote, na ilipokosekana hakujua aweke wapi uzito ule. Usiku aliusikia mlio wa kapi.

Alikwenda hospitali na mama yake kumwona Stanley. Stanley alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani, na baba yake anamlisha uji kwa kijiko. Alimwambia kwamba hakumbuki chochote baada ya yale maneno ya baiskeli. Baba yake alisema tu, "Karibu, binti," akamsogezea kiti.

Mitihani ilikuwa imebaki wiki tano. Mwishehe asingeweza kuandika kwa muda, kwa hiyo Raudha alihamia dawati la nyuma, akakaa karibu naye, akamnakilia masomo yote kwenye madaftari mawili, lake na la Mwishehe. Siku za mwanzo Mwishehe hakumsemesha. Alitazama ubaoni, na Raudha akaandika, na kengele ikalia, na kila mtu akaenda zake. Haikuwa chuki, au pengine ilikuwa; hakuthubutu kuuliza.

Wiki ya tatu, katika somo la jiografia, mwalimu alikuwa akisoma haraka na Raudha anamfukuzia kwa kalamu. Mwishehe aliinama, akautazama ukurasa wake kwa muda.

"Hilo neno siwezi kulisoma," alisema.

Raudha alilifuta, akaliandika upya, pole pole, herufi moja moja, mpaka Mwishehe akaitikia kwa kichwa.